Mchepuko ni kilohezi 75 kila upande: kwa nini basi upana wa bendi si 150?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi katika redio ndogo ya jamii, na jioni nasoma stashahada ya elektroniki. Transmita yetu imepangwa mchepuko wa kilohezi 75, yaani masafa yanapanda 75 na kushuka 75, jumla 150. Darasani tukitumia kanuni ya Carson jibu linatoka 180. Hizo 30 za ziada zinatoka wapi ilhali masafa hayajavuka 75? Na tukishusha mchepuko hadi kilohezi 1, si upana utakuwa kilohezi 2 tu, stesheni nyingi zikaenea kwenye bendi? Halafu nitajuaje kwamba mchepuko wa transmita yetu kweli ni 75?"

Marahaba. Hizo kilohezi 30 hazitokani na umbali ambao masafa yanakwenda, bali na wepesi wa kwenda na kurudi kwake. Mchepuko unaeleza umbali. Masafa ya sauti unayopitisha yanaeleza wepesi. Na upana wa bendi unavilipia vyote viwili. Kanuni ya Carson inavijumlisha tu, kisha inazidisha kwa mbili kwa kuwa kuna upande wa juu na upande wa chini:

BW = 2(Δf + fm)

Hapo Δf ni mchepuko wa juu kabisa na fm ni masafa ya juu kabisa ya sauti. Kwa redio ya FM isiyo ya stirio, sauti inaishia kilohezi 15, hivyo 2(75 + 15) ni 180. Hesabu yenyewe ni nyepesi, lakini anayeikariri bila kujua kinachofanyika ndani yake atakosea siku kanuni itakapofika kwenye mipaka yake, na mipaka hiyo ipo.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Wimbi mbebaji ni megahezi 100, tunapitisha toni moja safi ya kilohezi 15, na mchepuko ni kilohezi 75. Mzunguko mmoja wa toni hiyo unachukua takriban mikrosekunde 66.7, na ndani ya muda huo masafa yanapanda hadi megahezi 100.075, yanarudi katikati, yanashuka hadi 99.925, kisha yanarudi tena. Sasa jiulize masafa yanakaa muda gani karibu na kilele, tuseme kati ya 100.065 na 100.075. Kwa kuwa mwendo wake ni wa saini, jibu ni moja ya sita ya mzunguko, yaani mikrosekunde 11 hivi, kisha yanaondoka. Ndani ya mikrosekunde 11, mawimbi mawili yanayotofautiana kwa kilohezi 10 yanapishana kwa kiasi cha sehemu moja tu ya kumi ya mzunguko mmoja. Hakuna kifaa, kiwe ghali namna gani, kinachoweza kuyatenganisha kwa muda mfupi hivyo, na si kwa sababu ya ubovu wa kifaa: taarifa yenyewe haimo ndani ya kipande kifupi kama hicho. Kwa hiyo kusema kwamba "masafa hayajavuka 75" ni kweli kwa masafa ya papo hapo, yale yanayopatikana kwa kukokotoa jinsi awamu ya wimbi inavyobadilika kila nukta ya wakati. Lakini si kauli inayohusu nguvu ya wimbi imetapakaa wapi kwenye bendi. Ukingo mkali pale kwenye 75 hauwezekani, na nguvu lazima ivuje kidogo kupita hapo.

Sasa kuna jambo la pili ambalo huwashangaza wanafunzi wengi wanapoliona kwenye kioo cha kichanganuzi cha spektra kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa mwendo wote huo wa kupanda na kushuka unajirudia vilevile kila mikrosekunde 66.7, hauwezi kujengwa na kitu kingine isipokuwa vipande vya mawimbi vilivyopangwa kwa hatua za kilohezi 15 kamili kutoka kwenye mbebaji: 15, 30, 45, 60, 75, 90, 105 na kuendelea, juu na chini. Hizo ndizo bendi za pembeni. Kwenye 100.037 hapana kitu, ingawa masafa ya papo hapo yanapita hapo mara mbili katika kila mzunguko. Na kwenye 100.090 kuna kitu, ingawa masafa hayo hayajawahi kufika huko. Ukilikubali hili, swali lako la kwanza limekwisha kujibiwa; lililobaki ni kujua kila kipande kina nguvu kiasi gani.

Hapo ndipo faharasa ya modulesheni inapoingia. Ni uwiano tu wa mchepuko kwa masafa ya sauti, β = Δf/fm, na kwa mfano wetu ni 75 kwa 15, yaani 5. Namba hii haina kizio, lakini ina maana ya moja kwa moja: ni radiani ambazo awamu ya wimbi inatangulia au kuchelewa, kwenye kilele, ikilinganishwa na wimbi lisilobebeshwa sauti. Urefu wa bendi ya pembeni ya n unatolewa na kitendakazi cha Bessel cha daraja n kwa faharasa hiyo, kinachoandikwa Jn(β), na nguvu yake ni kipeo cha pili cha thamani hiyo. Huna haja ya kukariri majedwali. Kompyuta yoyote yenye Python na maktaba ya SciPy itakupa unachotaka:

```python
from scipy.special import jv

def nguvu(beta, n):
    pembeni = sum(jv(k, beta)**2 for k in range(1, n + 1))
    return jv(0, beta)**2 + 2 * pembeni

for n in range(5, 9):
    print(n, round(100 * nguvu(5, n), 2))
```

Programu hiyo inajumlisha nguvu ya mbebaji na ya bendi za pembeni hadi ile ya n, pande zote mbili, kisha inaionyesha kwa asilimia ya nguvu yote inayotoka. Kwa faharasa ya 5, ukiishia bendi ya tano, yaani kilohezi 75 kila upande na 150 kwa jumla, unapata asilimia 95.92. Ukiongeza ya sita, ambayo iko kwenye kilohezi 90 na inakufikisha kwenye zile 180 za Carson, unapata 99.36. Ya saba inakupeleka 99.93 na ya nane 99.99. Baada ya hapo kuna vipande vingine bila kikomo, maana kinadharia upana wa FM hauna mwisho, lakini vinadidimia haraka mno. Hapa unaona pia jinsi kanuni ilivyojengwa: faharasa ikiwa 5, inachukua bendi 5 na kuongeza 1. Kwa hiyo unaweza kuiandika vilevile kama 2(β + 1)fm, nayo ni kanuni ileile.

Pengine utasema kwamba kupoteza asilimia 4 ya nguvu si hasara kubwa, na kama kweli hasara ingekuwa ya nguvu peke yake ningekubaliana nawe. Tatizo ni kwamba vipande hivyo vya nje ndivyo vinavyoiwezesha redio kuijenga upya sauti ilivyokuwa. Kichujio cha redio kikivikata, wimbi linalobaki halina tena kimo kimoja, na awamu yake haifuati tena mwendo wa saini. Kigunduzi kinafasiri upotovu huo kama sauti, na msikilizaji anasikia mkwaruzo. Unajitokeza kwanza kwenye herufi kama "s" na "sh" na kwenye matoazi, kwa sababu huko ndiko masafa ya juu ya sauti yanakopatikana.

Pendekezo lako la kilohezi 1 lina ukoo mkubwa kuliko unavyodhani. Katika miaka ya mwanzo ya redio walikuwapo watu waliofikiri hivyohivyo: ukishusha mchepuko vya kutosha, utapitisha sauti nzima kwenye upana mwembamba kuliko ule wa AM. John Renshaw Carson, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani, alionyesha mwaka 1922 kwamba hesabu haikubali. Angalia inavyokuwa kwa namba zako. Mchepuko ni kilohezi 1, toni ni kilohezi 15, faharasa ni 0.067. Masafa ya papo hapo yanacheza ndani ya kilohezi 2 tu, lakini bado yanajirudia mara 15,000 kwa sekunde, kwa hiyo bendi ya kwanza ya pembeni haiwezi kukaa popote isipokuwa kilohezi 15 kutoka kwenye mbebaji. Kushusha mchepuko kumeipunguza urefu, hakukuisogeza. Urefu wake sasa ni takriban sehemu moja ya thelathini ya ule wa mbebaji, na ndiyo peke yake iliyobeba sauti. Ukiikata ili ubaki na zile kilohezi 2, umebaki na mbebaji mtupu, na redio itakaa kimya. Carson anakupa 2(1 + 15), yaani 32, ambayo inakaribia 30 za AM yenye sauti ileile, na haitashuka chini ya 30 hata ukipeleka mchepuko karibu na sifuri.

Na bei ya kubana hivyo ni kubwa. Kwenye FM, maadamu wimbi linalopokewa lina nguvu ya kutosha juu ya kelele, kelele inayotoka kwenye kigunduzi haitegemei mchepuko, ilhali sauti inakua sawia na mchepuko. Kushuka kutoka 75 hadi 1 kunapunguza nguvu ya sauti mara 75 kwa 75, yaani 5,625, ambazo ni desibeli 37.5. Umeokoa upana kutoka 180 hadi 32 na umempa msikilizaji mvumo wa kelele. Edwin Howard Armstrong alikwenda upande wa pili kabisa: badala ya kubana akapanua, akapata hataza zake Desemba 1933, na tangu hapo FM ya matangazo imekuwa ya mchepuko mpana kwa makusudi. Kwa maoni yangu watu hawa wawili wanafundishwa kama mahasimu bila sababu; Carson alikuwa sahihi kuhusu upana, na Armstrong alikuwa tayari kuulipa.

Turudi kwenye matumizi ya kanuni, maana kuna mahali inapomponza fundi. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba faharasa kubwa siku zote inamaanisha upana mkubwa. Mchepuko ukibaki 75 na toni ikawa kilohezi 1 badala ya 15, faharasa inaruka kutoka 5 hadi 75, lakini upana unashuka kutoka 180 hadi 152. Bendi za pembeni zimekuwa nyingi sana, ila zimesongamana kwa hatua za kilohezi moja moja. Kwa hiyo unapotafuta upana wa juu kabisa chukua sauti ya juu kabisa, ambayo ndiyo yenye faharasa ndogo kabisa. Hili linapingana na hisia, na ndiyo sababu maswali ya mitihani yanalipenda.

La pili ni kusahau kwamba Carson anakadiria, hapimi. Ukiuliza upana unaobeba asilimia 99 ya nguvu, ambao ndio unaotumika kimataifa kueleza upana unaokaliwa na stesheni, basi kwa mfano wetu kanuni inatosha na kubakiza. Ukiuliza bendi zote ambazo urefu wake haupungui asilimia 1 ya ule wa mbebaji kabla ya kubebeshwa sauti, unapaswa kwenda hadi ya nane, na upana unakuwa 240. Wahandisi wengine, faharasa ikiwa kati ya 2 na 10, wanatumia 2(Δf + 2fm), ambayo hapa inatoa 210. Majibu haya matatu hayagombani. Anayebuni kichujio cha redio ya kusikiliza muziki bila mkwaruzo atachukua lililo pana. Anayejaza fomu ya leseni atachukua lile la Carson. Ukisoma namba ya upana bila kujua imepatikana kwa kigezo gani, usijenge juu yake.

Kanuni hii inafanya kazi vizuri hasa kwenye redio za mkononi za walinzi na madereva, zile za redio kol. Sauti ya mtu hapo inakatwa kwenye kilohezi 3. Kwenye chaneli ya kilohezi 12.5 mchepuko unaoruhusiwa ni 2.5, hivyo 2(2.5 + 3) inatoa 11, na ndiyo maana kwenye karatasi za vifaa hivyo utaona alama 11K0F3E, ambayo mwanzo wake unasoma kilohezi 11.0. Zile za zamani za chaneli ya 25 zilikuwa na mchepuko wa 5, upana 16, alama 16K0F3E. Ukichanganya aina hizi mbili, dalili yake ni ya kipekee: redio pana ikizungumza na redio nyembamba, mtu akiongea taratibu anasikika safi, lakini akipaza sauti maneno yanakatikakatika, kwa kuwa sauti kubwa ndiyo inayosukuma mchepuko nje ya kichujio cha mpokeaji. Fundi asiyejua hili hubadilisha betri, kisha antena, kisha kipaza sauti, huku mtumiaji akizidi kupiga kelele na kuharibu zaidi. Dawa ni kuingia kwenye programu ya redio na kuweka pande zote mbili kwenye upana mmoja.

Redio yenu, nadhani, inatangaza kwa stirio, na hapo kanuni inahitaji busara. Kinachoingia kwenye transmita si sauti ya kilohezi 15 tu. Kuna jumla ya kushoto na kulia hadi kilohezi 15, toni ya mwongozo kwenye 19, na tofauti ya kushoto na kulia iliyopandishwa kuzunguka 38, kuanzia 23 hadi 53. Ukiweka 53 kwenye kanuni unapata 2(75 + 53), yaani 256, na namba hiyo utaikuta kwenye nyaraka rasmi. Lakini 256 inachukulia kwamba kipande cha kilohezi 53 kinapewa mchepuko wote wa 75, jambo ambalo halitokei. Toni ya mwongozo imetengewa kati ya asilimia 8 na 10. Hata sauti ikiwa upande mmoja tu, tuseme kushoto, kinachobaki kinagawanywa nusu kwa jumla na nusu kwa tofauti, kwa hiyo tofauti inapata takriban kilohezi 34, nazo zinagawanyika tena nusu kati ya kipande cha 23 na cha 53, na faharasa ya kipande cha 53 inakuwa kama 0.3. Faharasa ndogo kiasi hicho haina bendi nyingi za kutapakaza. Ichukulie 256 kuwa dari, si kipimo.

Namba ya 200 ambayo huenda umeikuta kwenye vitabu vya Marekani ni hatua ya kupanga chaneli zao, si upana wa wimbi. Sisi tuko katika Kanda ya 1 ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ambako bendi ya 87.5 hadi 108 imepangwa kwa hatua za kilohezi 100. Ndiyo maana Nairobi utakuta stesheni kwenye 98.4 na nyingine kwenye 100.3, wakati Marekani desimali zao zote ni witiri. Hatua ya 100 haina maana kwamba majirani wawili wa mji mmoja wataachana kwa 100. Mapendekezo ya ITU kwa stirio ni kwamba, stesheni mbili zikiachana kwa kilohezi 200, ile unayotaka kuisikia iwe na nguvu zaidi ya jirani yake kwa desibeli 7, yaani mara tano. Zikiachana kwa 400, jirani anaweza kuwa na nguvu mara mia kuliko unayoisikiliza na bado isikupotee. Kwa hiyo usiiwazie bendi kama mabanda ya sokoni yenye kuta. Ni suala la nani anasikika kwa nguvu gani mahali ulipo msikilizaji.

Mwisho ni kupima. Usikadirie mchepuko kwa kuangalia upana wa nundu kwenye kichanganuzi wakati muziki unapigwa. Nundu hiyo inategemea wimbo, mtangazaji na muda uliosubiri, na kishawishi cha kusoma "150" pale ambapo mstari unainama ni kikubwa kwa sababu ndiyo namba unayoitarajia. Kuna njia ya zamani isiyohitaji kifaa kilichosawazishwa, kwa kuwa inategemea hisabati peke yake. Urefu wa mbebaji ni J0(β), na kitendakazi hicho kinapita kwenye sifuri faharasa inapokuwa 2.405, kisha 5.520, kisha 8.654. Kwenye faharasa hizo mbebaji anatoweka kabisa, na nguvu yote iko kwenye bendi za pembeni. Ukijua masafa ya toni na ukajua mbebaji ametoweka kwa mara ya ngapi, umeujua mchepuko kwa kuzidisha tu.

Kwa mchepuko wa 75 ni rahisi kutumia sifuri ya pili: 75 ukigawanya kwa 5.520 unapata kilohezi 13.587, ambayo imo ndani ya uwezo wa jenereta yoyote ya toni. Fanya kazi hii nje ya saa za matangazo, kwa ruhusa ya mwenye leseni, transmita ikiwa kwenye mzigo bandia badala ya antena, na kichanganuzi kikiwa nyuma ya vipunguza nguvu vya kutosha, maana wati chache tu zinatosha kukiua. Zima toni ya mwongozo, RDS na kifaa cha kubana sauti. Zima pia saketi inayokazia sauti kali kabla ya kurusha. Kwa thamani ya mikrosekunde 50 inainua toni ya kilohezi 15 karibu mara 4.8, na ukiiacha hutajua tena uhusiano wa volti unazoingiza na mchepuko unaopata. Weka uwezo wa kutenganisha wa kichanganuzi kwenye kilohezi 1 au chini, ili mistari inayoachana kwa 13.6 ionekane mmoja mmoja.

Anza na toni ikiwa sifuri, utaona mbebaji peke yake. Ongeza taratibu. Bendi ya kwanza inainuka, mbebaji anashuka, anapotea: hiyo ni sifuri ya kwanza, na kwa toni hii mchepuko ni 13.587 mara 2.405, yaani kilohezi 32.7. Endelea bila kurudi nyuma. Mbebaji ataibuka tena, atafika kimo fulani, kisha ataanza kushuka kwa mara ya pili. Atakapopotea tena, simama: mchepuko ni 75. Hatari iliyopo ni kupoteza hesabu, kwa kuwa anayeanza katikati hawezi kujua kama sifuri anayoiona ni ya pili au ya tatu, na ya tatu kwa toni hii ni mchepuko wa zaidi ya 117. Mbebaji asipopotea kabisa, akabaki na kisiki, angalia kama bendi za kulia na za kushoto zina urefu sawa. Zikitofautiana, toni yako si safi, au transmita inabadilisha kimo pamoja na masafa.

Andika volti zilizoingia kwenye transmita wakati mbebaji alipopotea. Hizo ndizo zenye thamani ya kilohezi 75, nazo ndizo dari ya ishara yote ya stirio kwa pamoja, ikiwemo toni ya mwongozo, ambayo kwa asilimia 9 itakuwa kilohezi 6.75. Rudisha saketi ya kukazia na vile vingine ulivyozima, kisha panga kifaa cha kubana sauti ili vilele vyake visizidi volti hizo.